Friji haipumziki na baridi ni hafifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamepangwa kwa utaratibu wa uchunguzi wenyewe: tunaanza na kugusa, kusikiliza na kufagia, tunaishia kwenye mita. Ukiruka hatua unaweza kununua kifaa ambacho hakikuwa kibovu. Popote panaposemwa kufungua au kugusa kitu nyuma ya friji, plagi iwe imetolewa ukutani, isipokuwa pale tu inaposemwa wazi kwamba friji iwe inafanya kazi.

## Kujua tatizo lilipo

Friji yangu inanguruma usiku na mchana lakini maji hayapoi. Imekufa?

Mara nyingi bado. Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto lililo ndani na kwenda kulimwaga nje. Kompresa inazungusha gesi, koili ya ndani inanyonya joto, na koili ya nje, ambayo mafundi huiita kondensa, inalitoa hewani. Thermostati inasubiri ndani pafike baridi uliyoweka, kisha inazima kompresa. Kama kiwango hicho hakifikiwi, haizimi kamwe.

Kwa hiyo friji isiyopumzika ina shida ya namna moja kati ya mbili: joto linashindwa kutoka, au linaingia kwa wingi kuliko linavyotolewa. Kondensa chafu na feni iliyosimama ni za kundi la kwanza. Raba ya mlango iliyochoka ni ya kundi la pili. Rilei, kifaa kinachoisaidia kompresa kuanza, ina kisa chake, maana ikifa kompresa haifanyi kazi kabisa, ila mwenye friji husikia feni na kudhani kila kitu kinakwenda.

Friji nzima inapaswa kupumzika mara ngapi?

Friji ya thermostati ya kawaida, katika chumba chenye joto la wastani, hufanya kazi karibu theluthi moja hadi nusu ya muda wote. Chumba kikiwa cha moto, au ukiwa umetoka kupakia vitu vingi vya uvuguvugu, inaweza kwenda saa nyingi mfululizo bila kuwa na kasoro. Friji ya inveta ni tofauti: imeundwa iende polepole karibu muda wote, na kuisikia ikinguruma hakuthibitishi lolote.

Angalia pia kibandiko kilicho ndani ya friji au mgongoni. Herufi N maana yake friji ilitengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST hufika 38, na T hufika 43. Friji ya N iliyowekwa kwenye chumba cha nyuzi 36 itahangaika hata ikiwa mpya. Hapo cha kutengeneza ni mahali ilipowekwa.

Nitapimaje baridi bila kubahatisha?

Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, kwenye rafu ya katikati, ukiache usiku kucha. Maji hayayumbishwi na mlango kufunguliwa kama hewa inavyoyumbishwa. Asubuhi soma kabla ya mtu yeyote kufungua friji kutafuta chochote. Unatafuta nyuzi 4 au chini kidogo. Kwa freza, bana kipimajoto katikati ya vifurushi viwili vilivyoganda. Unatafuta hasi 18 au karibu na hapo.

Andika namba zote mbili. Tofauti kati ya juu na chini inasema mengi: freza kugandisha vizuri huku chini kukiwa na uvuguvugu ni hadithi moja, na kote kuwa na uvuguvugu ni nyingine.

Nasikia mlio muda wote. Nitajuaje kama ni kompresa au ni feni tu?

Hili ndilo swali la kujibu kabla ya mengine yote, na wengi hulipita. Friji ikiwa inafanya kazi, ivute kidogo, inama nyuma chini, uitafute kompresa: chombo cheusi cha chuma chenye umbo la chungu. Weka kiganja juu yake kwa tahadhari, maana inaweza kuchoma. Kompresa inayofanya kazi hutetemeka kwa mtetemo laini usiokatika. Ikiwa imetulia tuli, mlio unaousikia ni wa feni.

Sasa subiri dakika kumi bila kuondoka. Ukisikia mguno wa sekunde chache, halafu "tik", halafu kimya, na mambo hayo yakajirudia kila baada ya dakika chache, kompresa inajaribu kuwaka na kushindwa. Usipoteze muda na brashi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya rilei. Ikiwa inatetemeka mfululizo, endelea hapa chini.

## Kondensa chafu

Kondensa ya friji yangu iko wapi?

Kuna namna tatu. Ya zamani ni ule wavu mweusi uliosimama mgongoni, wa mabomba membamba na nyaya. Ya pili imefichwa chini, karibu na kompresa, nyuma ya kifuniko chenye matundu. Hii karibu kila mara ina feni yake, na ndiyo inayoshika uchafu kuliko zote kwa sababu feni inavuta hewa ya sakafuni. Ya tatu imezikwa ndani ya kuta za ubavuni na huioni.

Kama mgongo wa friji ni bapa na hakuna kondensa chini, unayo ya tatu. Pande zake zikipata joto ndiyo kazi yake hiyo. Huwezi kuisafisha; unachoweza ni kuiachia nafasi ya kupumua, sentimita 5 hadi 10 kila upande kama kitabu chake hakisemi vingine. Usitoboe ukuta wake kuning'iniza chochote, kwa sababu mabomba ya gesi yanapita humo humo.

Vumbi tu linawezaje kuua baridi?

Gesi inapoingia kwenye kondensa huwa ya moto kuliko chumba, na tofauti hiyo ndiyo inayolisukuma joto litoke. Vumbi na nywele zikiifunika, joto linanasa. Gesi haigeuki kimiminika ipasavyo, presha inapanda, na kompresa inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi huku ikileta baridi kidogo zaidi. Ni kama kumfunika blanketi mtu anayekimbia.

Dalili yake ni kompresa ya moto kupita kiasi, kiganja hakistahimili hata sekunde mbili, huku freza ikiganda nusunusu. Ikizidi, kinga ya kompresa inakata umeme kwa joto, inapoa, inawasha tena. Mtu asiyejua husema rilei imekufa, kumbe ni vumbi. Kwa sababu hiyo kusafisha hutangulia kupima.

Nisafisheje bila kuharibu kitu?

Chomoa plagi, vuta friji mbele, na kama kondensa iko chini fungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi. Tumia brashi ndefu ya nywele laini, ukipitisha kwa kufuata mabomba, usikatize. Shikilia mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi karibu na brashi, vinginevyo unahamishia vumbi kwenye feni. Uchafu uliochanganyika na mafuta ya kupikia haung'oki kwa brashi kavu. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kilichokamuliwa vizuri, na kisiguse visanduku vya umeme vya kompresa.

Usitumie kisu wala chuma chenye ncha. Friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, ambayo inawaka moto, na tundu dogo kama la sindano litaimaliza yote. Ukisikia mvuvumo wakati wa kusafisha, fungua madirisha, usiwashe wala usizime swichi yoyote, uondoke kwanza.

Usipuuze ukuta wa ndani wa kifuniko. Pale ndipo mkeka wa vumbi hujikunja na kuziba matundu, na ukirudisha kifuniko kichafu kazi yote imekuwa bure.

Nimesafisha. Nisubiri muda gani kabla ya kuamua haikusaidia?

Saa 24, huku ukiwa hujapakia vitu vipya. Pima tena kwa glasi ile ile, rafu ile ile. Namba ikishuka lakini isifike 4, bado kuna kasoro nyingine. Ni kawaida kuzikuta mbili kwa pamoja.

## Raba ya mlango

Nitajuaje kama raba inavujisha?

Chukua karatasi ya kawaida, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha ivute taratibu. Inapaswa kung'ang'ania kidogo. Ikitoka yenyewe bila ukinzani, hapo pana mwanya. Rudia kila baada ya upana wa kiganja kuzunguka mlango mzima, na pembeni rudia mara mbili, maana pembe ya chini upande wa bawaba ndiyo huachia kwanza.

Njia ya pili ni kuweka tochi iliyowashwa ndani, kufunga mlango na kuzima taa za chumba. Mwanga ukichungulia, hewa nayo inapita. Kwenye freza huhitaji hata tochi: barafu laini inayojikusanya sehemu moja karibu na ukingo, wakati kwingine ni pasafi, inakuonyesha mahali hasa hewa yenye unyevu inapoingilia.

Raba imejikunja. Lazima ninunue nyingine?

Si lazima, kama haijachanika na haijawa ngumu kama plastiki. Anza kwa kuiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukifungua mikunjo yake kwa kidole. Sukari iliyokauka na ukungu huizuia isilale. Kisha pasha sehemu iliyokunjamana kwa draya ya nywele, kwa umbali wa kiganja, huku ukiichezesha draya ili isiyeyushe. Raba ikilainika, ivute irudi umbo lake, funga mlango na uuache umefungwa saa kadhaa. Kupaka mafuta ya mgando kidogo sana upande wa bawaba husaidia isikunjwe tena mlango unapofungwa.

Raba iliyopasuka haina tiba. Gundi na utepe huongeza unene upande mmoja na kufungua mwanya upande wa pili. Badilisha, na chagua kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko, kwa sababu raba zinazofanana kwa macho hutofautiana kwa mfereji wa nyuma unaoingia mlangoni.

Raba ni nzima kabisa lakini karatasi inatoka. Kwa nini?

Basi mlango ndio haujalala sawa. Angalia bawaba zilizolegea, droo iliyojaa inayousukuma mlango kwa ndani, au chupa ndefu iliyogusa rafu. Halafu miguu: friji ikiinama mbele kidogo, mlango hubaki nusu wazi. Pandisha miguu ya mbele kidogo tu, mpaka mlango ulioachwa nusu ujifunge wenyewe taratibu.

## Feni

Freza inagandisha lakini chini ni uvuguvugu. Tatizo ni nini?

Kwenye friji isiyoganda barafu kuta, koili ya baridi ni moja tu, nyuma ya ukuta wa freza, na feni ndogo ndiyo inayosukuma baridi kushuka chini kupitia mfereji. Freza inapata kwa sababu ipo karibu. Chini panategemea feni. Kwa hiyo dalili hii ina maana ya vitu viwili: feni imesimama, au njia yake imezibwa na barafu.

Isikilize. Feni nyingi huzimwa na swichi ya mlango, basi fungua freza na ubonyeze swichi hiyo kwa kidole, ukiwa umesubiri kompresa iwe inafanya kazi. Usikie hewa ikivuma. Kimya kabisa, shuku feni au swichi yenyewe. Mlio wa kukwaruza, shuku barafu iliyogusa mapanga. Kabla ya yote hakikisha matundu ya hewa hayajazibwa na mfuko wa chakula, kasoro isiyogharimu chochote na inayowaita mafundi wengi bure.

Nilizima friji siku nzima ikapona, baada ya wiki ikarudia. Mbona?

Umeshapata jibu bila kujua. Ulipoizima, barafu iliyoziba koili ya ndani iliyeyuka, hewa ikapita. Imerudi kwa sababu mfumo wa kuyeyusha barafu haufanyi kazi, na barafu imejijenga upya kidogo kidogo. Mfumo huo una hita chini ya koili, kihisi au thermostati ndogo iliyobanwa kwenye bomba, fyuzi ya joto, na taima au bodi inayoamrisha.

Ukifungua ukuta wa freza ukakuta koili nzima imevikwa barafu nene sawasawa, anza kupima hita kwa mita: iliyokatika haionyeshi mkondo wowote. Kisha fyuzi ya joto, ambayo nzima husoma karibu na sifuri. Usiunganishe waya kuipita fyuzi hiyo "kwa muda". Hita isiyo na kinga ndani ya boksi la plastiki inaweza kuanzisha moto. Barafu yenyewe iyeyushe kwa kuacha milango wazi na taulo sakafuni, usiichokonoe.

Feni ya nyuma, ile ya kondensa, nayo napimaje?

Plagi ikiwa imetoka, izungushe kwa kidole. Inapaswa kuendelea mizunguko kadhaa na kusimama taratibu. Ikisimama papo hapo, imebanwa na nywele kwenye ekseli au bushi imekauka. Safisha, kisha rudisha umeme na utazame bila kuingiza mkono: inapaswa kuzunguka wakati kompresa inafanya kazi. Ikiwa kompresa inatetemeka na feni imesimama, matokeo yake ni yale yale ya kondensa iliyofunikwa vumbi.

## Rilei na umeme wa kompresa

Nasikia "tik" kila baada ya dakika chache. Ni rilei?

Inaweza kuwa rilei, inaweza kuwa kompresa, inaweza kuwa umeme. Sauti yenyewe ni ya ovalodi, kinga ndogo ya duara inayokata umeme kompresa inapovuta mkondo mkubwa bila kuzunguka.

Rilei nyingi za friji ndogo ni za PTC: kidonge cha kauri kinachopitisha umeme kwenye waya wa kuanzishia, kikapata moto kwa muda mfupi sana, kisha kikaufunga. Kikiwa bado cha moto hakiwezi kuisaidia kompresa kuanza. Ndiyo maana umeme ukikatika na kurudi haraka, friji nzima kabisa inaweza kuguna na kupiga "tik" mara chache kabla ya kuwaka. Chomoa, subiri angalau dakika tano, rudisha. Ikiwaka na kuendelea, hakukuwa na ubovu. Ikipiga "tik" hata baada ya kupumzika, ipime.

Napimaje rilei?

Chomoa plagi, fungua kisanduku cha plastiki ubavuni mwa kompresa, na upige picha ya nyaya zilivyokaa kabla ya kugusa. Ikiwa kuna kapasita, usiishike miguu yake mpaka mita ionyeshe haina volti. Rilei huchomoka kwa kuivuta moja kwa moja, bila kuipinda, kwa sababu pini za kompresa zimeshikwa na kioo na zikivunjika kompresa imekwisha.

Itikise karibu na sikio. Rilei ya PTC inayolia kama kijiwe ndani ya kopo ina kauri iliyovunjika. Inuse pia; harufu ya kuungua au alama nyeusi inatosha kuihukumu. Kisha, ikiwa imepoa kabisa, pima kati ya matundu yake ya kuanzishia na ya kuendeshea: nyingi husoma kuanzia omu chache hadi thelathini hivi. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, imekufa. Ovalodi ikiwa baridi isome karibu na sifuri.

Rilei ya zamani yenye koili na kiini kinachopanda hupimwa vingine. Ikisimama kama inavyokaa kwenye kompresa, njia ya kuanzishia iwe wazi. Ukiigeuza chini juu, kiini kinashuka na njia inafunga.

Rilei ni nzima. Nitajuaje kama kompresa yenyewe imeungua?

Kompresa ya kawaida ina pini tatu: C ya pamoja, R ya kuendeshea, S ya kuanzishia. Pima jozi zote tatu. Jozi mbili ndogo zikijumlishwa zitoe ile kubwa. Mathalani C hadi R ikisoma omu 14 na C hadi S ikisoma 19, basi R hadi S isome karibu 33. Jozi isiyosoma kitu ina waya uliokatika.

Halafu weka ncha moja ya mita kwenye pini na nyingine kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi cha kompresa. Pasisome chochote. Kukiwa na njia yoyote, waya umegusa mwili, na friji hiyo isirudishwe kwenye umeme hata kwa jaribio la dakika moja.

Vipimo vyote vikiwa vizuri na rilei mpya ikafungwa, lakini kompresa bado inaguna na kupiga "tik", huenda pistoni imekwama ndani. Hapo bei ya kompresa mpya ndiyo ipimwe dhidi ya umri wa friji.

Umeme mdogo unaweza kuleta dalili hizi?

Ndiyo, kwa wingi. Pima volti kwenye soketi ile ile wakati kompresa inajaribu kuwaka, si wakati imetulia. Kwa friji iliyoandikwa 220–240, volti zikianguka chini ya 200 kompresa hupata taabu kuanza. Waya mwembamba wa kuongezea urefu unaweza kuleta anguko hilo hata kama umeme wa ukutani ni mzuri. Jaribu friji moja kwa moja ukutani kabla ya kununua rilei. Rilei mpya inayoungua tena na tena karibu kila mara inaonyesha umeme mbovu au kompresa inayokwama.

Friji yangu ni ya inveta. Haya ya rilei yananihusu?

Hapana. Kompresa ya inveta haina rilei ya PTC. Bodi ndiyo inayoianzisha. Pini zake tatu husoma omu zinazolingana, kwa hiyo hesabu ya kujumlisha hapo juu haifai. Usijaribu kuiwasha kwa umeme wa moja kwa moja, utaiunguza. Kondensa, raba na feni yanakuhusu kama kawaida.

## Kesi ngumu

Kuna mfano wa friji iliyopitishwa hatua hizi zote?

Friji ya milango miwili, kondensa chini, ya familia yenye paka wawili. Malalamiko yalikuwa kwamba haizimi, na fundi wa kwanza alisema iongezwe gesi. Glasi ya maji ilisoma nyuzi 12, freza hasi 9. Kote kubaya kwa pamoja, kwa hiyo feni ya ndani haikuwa mshukiwa wa kwanza. Kompresa ilitetemeka mfululizo na ilikuwa ya moto mno: si rilei.

Kifuniko cha nyuma kilipofunguliwa, mkeka wa manyoya na vumbi ulikuwa mnene kama soksi, na feni ya kondensa ilizunguka nusu mzunguko tu kwa kidole. Ekseli ilikuwa imefungwa manyoya. Baada ya kusafisha, siku iliyofuata: nyuzi 7, freza hasi 15. Nafuu kubwa, ila bado haikupumzika.

Karatasi ikapitishwa mlangoni. Ilishika kote isipokuwa pembe ya chini ya freza upande wa bawaba, palepale palipokuwa na barafu laini. Raba ilioshwa, ikapashwa kwa draya, mlango ukafungwa usiku kucha. Asubuhi ya siku ya pili yake glasi ilisoma 4, freza hasi 18, na kompresa ikaanza kuzima. Gesi haikuguswa.

Basi ni lini kweli gesi imepungua?

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Mfumo umefungwa, ikipungua, kuna mahali imevuja. Dalili ni kinyume cha kondensa chafu: kompresa inafanya kazi bila kusimama, lakini kondensa ina joto dogo au haina kabisa. Ukifungua koili ya ndani unakuta barafu imeshika mizunguko ya mwanzo tu, kwingine pakavu. Kwa mita ya kubana waya, ampea husoma chini ya zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kompresa iliyochoka vali hutoa picha inayokaribiana na hii, kwa hiyo aliye na geji za presha ndiye anayeweza kuzitenganisha.

Fundi anayetaka kujaza bila kutafuta tundu anakuuzia baridi ya muda. Kazi sahihi ni kutafuta tundu, kuliziba, kubadilisha filta, kuvuta hewa yote kwa pampu, kisha kujaza kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. R600a huwa gramu chache, makumi tu, na kosa la gramu kadhaa linaharibu baridi. Akiikadiria kwa kusikiliza kompresa, tafuta mwingine.

Nimepita hatua zote, kipimo bado ni nyuzi 8 na kompresa haizimi. Kuna kilichobaki?

Viwili. Kwanza thermostati au kihisi kinachosoma vibaya, ila hiki kwa kawaida hufanya friji iwe baridi kupita kiasi au izime mapema, kwa hiyo kwa dalili yako ni mshukiwa dhaifu. Cha pili ni povu la ndani ya kuta lililolowa maji. Pitisha kiganja kwenye kuta za nje: sehemu moja yenye ubaridi au inayotoka jasho wakati nyingine ni kavu inaonyesha kwamba kinga ya joto imekufa hapo. Povu halibadilishwi, na friji ya namna hiyo haistahili kompresa mpya.